Sura ya Tano: Nafasi Hii Imekuwaje Wazi?

"Nikiuliza sana si wataona nina maneno?" Kijana anayetafuta kazi Moshi huuliza hivyo akitoka kuitwa kwenye usaili. Miezi mitatu baadaye, akishaajiriwa, huwa na swali jingine: "Mbona hawakuniambia?" Hawakumwambia kwamba kabla yake wamepita watu wanne kwenye kiti hicho. Hawakumwambia kwamba "timu" aliyosifiwa ni yeye na mhasibu. Wala hawakumwambia kwamba meneja aliyemsaili hana sauti, na anayeamua kila kitu ni mwenye kampuni aliyeko Ulaya.

Kwa kawaida hakuna aliyemdanganya. Ni yeye ambaye hakuuliza. Sura hii inahusu maswali matatu ya kumuuliza anayekuita kazini, awe mwenye kampuni, afisa rasilimali watu (yaani anayeshughulikia mambo ya watumishi) au wakala wa ajira, ambaye ni mtu au ofisi inayomtafutia mwajiri watu. Maswali yenyewe ni haya: kwa nini nafasi iko wazi, mtakuwa wangapi, na utaripoti kwa nani. Nitatumia zaidi kampuni za kupandisha wageni mlimani, kwa sababu ndizo zinazoajiri vijana wengi wa Kibosho, Machame, Marangu na mjini, na kwa sababu mambo haya matatu hujificha huko kuliko mahali pengi.

## Mkataba hautakujibu

Wengi hunyamaza wakitumaini kwamba mambo yote yataonekana kwenye mkataba. Tuangalie sheria inadai nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi mambo ya msingi: jina lako, umri, jinsi na anwani ya kudumu, mahali ulipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, kituo cha kazi, saa za kazi, na mshahara pamoja na namna unavyokokotolewa na marupurupu yake.

Soma orodha hiyo tena. Hakuna mahali panapomlazimu mwajiri kusema aliyekuwepo ameenda wapi, kitengo kina watu wangapi, wala nani atakuwa msimamizi wako. Unaweza kupewa mkataba safi, wenye mhuri, unaotimiza kila kinachotakiwa kisheria, ukaingia nao kwenye kazi ya watu watatu. Mambo haya hujulikana kwa kuuliza tu, na wakati wa kuuliza ni kabla ya kutia sahihi.

## Swali la kwanza: kwa nini iko wazi?

Jibu utakalolisikia zaidi ni "kampuni inakua". Huenda ni kweli, lakini halijakuambia kitu. Gawanya swali: "Nafasi hii ni mpya, au kuna aliyekuwepo?" Hapo mwajiri analazimika kuchagua upande mmoja, na kila upande una maswali yake.

Kama ni mpya, uliza kazi hizo zilikuwa zinafanywa na nani mpaka leo. Kazi huwa haianzi siku nafasi inapotangazwa; kuna mtu alikuwa akiifanya juu ya kazi zake. Akikuambia, "Dada wa mapokezi ndiye alikuwa anajibu baruapepe za wageni, sasa zimemzidi," umepata jibu la kweli, na unajua atakayekufundisha. Akibabaika, huenda nafasi bado iko kichwani mwa mwenye kampuni, na utajikuta unafanya chochote kinachojitokeza.

Kama kuna aliyekuwepo, usiulize jina lake wala kosa lake. Hayo ni ya kwake na mwajiri wake, na mwajiri mwungwana hatakuambia. Uliza mambo matatu yasiyomvunjia mtu heshima: alikaa muda gani, ameondoka au amepandishwa cheo humo humo, na nafasi imekuwa wazi tangu lini. Ukiona pana nafasi, ongeza la nne: katika miaka mitatu hii, wameikalia wangapi? Mtu mmoja akiondoka baada ya miaka mitano, hiyo ni habari ya mtu huyo. Wakiondoka wanne ndani ya miaka miwili, hiyo ni habari ya nafasi yenyewe, na wewe utakuwa wa tano.

Tarehe nayo husema mengi. Kwa sheria ya Tanzania, anayelipwa kwa mwezi na amevuka mwezi wa kwanza kazini hutoa au hupewa taarifa ya siku zisizopungua 28 kabla mkataba haujavunjwa. Kwa hiyo ukiambiwa "tunamhitaji mtu kesho kutwa", jiulize siku 28 hizo zimekwenda wapi. Ama aliyekuwepo ameondoka bila taarifa, ama ameondolewa ghafla, ama mwajiri alijua na akachelewa kutafuta. Lolote kati ya hayo linakuhusu, maana huenda hutakuta mtu wa kukukabidhi kazi. Uliza tu: "Nani atanikabidhi, na kwa siku ngapi?"

Kuna sababu moja ambayo watu huisahau. Aliyekuwepo anaweza kuwa yuko likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria si chini ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hapo kiti kina mwenyewe, na wewe unakishikilia. Hakuna ubaya, mradi ujue mapema ili usiache kazi ya kudumu kule Arusha kwa ajili ya miezi mitatu Moshi.

Kwa ufupi: tenganisha nafasi mpya na nafasi ya kuziba pengo, kisha uulize muda, si sababu za siri.

## Swali la pili: mko wangapi, na lini?

Ukiuliza "mko wangapi", utajibiwa kwa idadi itakayokupendeza. "Tuko ishirini." Lakini katika kampuni ya mlima ishirini hao ni pamoja na waongozaji wa wageni, madereva, mtunza stoo, mlinzi, na pengine wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa huku. Wengi wao wako Shira au Horombo, hawako ofisini. Swali linalofaa ni hili: "Wangapi wanafanya kazi hii hii ninayoiomba, na wangapi wanakaa ofisini kila siku?"

Kisha ongeza msimu, jambo ambalo mgeni wa biashara hii halijui. Mlimani kuna wageni wengi kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na tena kuanzia Juni hadi Oktoba. Mvua za masika zikishuka, Aprili na Mei, ofisi nyingi hupoa. Mwajiri anayekusaili Mei anakuonyesha chumba chenye utulivu, watu wawili wanakunywa chai, nawe unaona kazi ni nyepesi. Muulize: "Agosti mnakuwa wangapi hapa?" Akisema ni wale wale wawili pamoja na wewe, itabidi ukae upige hesabu.

Tuipige. Wageni wanne wanapanda kwa njia ya Machame. Kila mgeni huhitaji wagumu watatu au wanne, kwa sababu mzigo wa mgumu mmoja una kikomo cha kilo 20 na unapimwa getini. Ongeza waongozaji wawili na mpishi. Kundi dogo la wageni wanne limeshakuwa na watumishi 15 hadi 19, ambao lazima majina yao yaandikwe, usafiri wao upangwe, malipo yao yaandaliwe. Makundi kama hayo yakiondoka sita kwa wiki, ofisi inashughulika na majina karibu 100. Hapo hujagusa wageni wenyewe: ada za hifadhi, hoteli, gari la kuwapokea uwanja wa KIA, na kikao cha jioni cha kuwaeleza safari kabla hawajapanda. Kazi hiyo wakiifanya watu wanne, itawachosha lakini itakwenda. Wakiifanya wawili, mmoja wao hatalala, na mara nyingi ni mgeni wa ofisi.

Uliza pia idadi ilikuwa ngapi zamani. Mwaka 2020, wageni walipokatika kwa sababu ya korona, kampuni nyingi za utalii zilipunguza watu. Wageni wamerudi, ila nafasi zilizopunguzwa hazikurudi zote. Ndiyo maana utaona tangazo moja linalotaka mtu wa kujibu wageni, kutunza hesabu ndogo, kuendesha kurasa za mtandaoni na "kazi nyingine atakazopangiwa". Hizo zilikuwa kazi za watu wawili au watatu. Swali la adabu ni hili: "Kazi hizi zote zilikuwa za mtu mmoja tangu zamani?"

## Swali la tatu: nitaripoti kwa nani?

Kuripoti kwa mtu maana yake ni kwamba yeye ndiye anayekupangia kazi na ndiye utakayemjibu. Wengi huridhika na cheo: "Kwa meneja." Cheo hakitoshi. Katika kampuni nyingi za Moshi mwenye mali ni familia, au ni wabia wawili, mmoja yuko hapa na mwingine nje. Meneja anakupangia kazi asubuhi, mama mwenye kampuni anashika daftari la fedha, na mbia wa nje anaandika usiku akitaka bei ibadilishwe. Wote watatu ni wakubwa wako, na hakuna aliyekuambia.

Ili kujua ukweli, vunja swali katika mambo haya:

- Nani atanipangia kazi kila siku?
- Nani ataidhinisha likizo yangu na kupima utendaji wangu?
- Nani anaidhinisha fedha ninazohitaji ili kazi itembee?
- Wakitofautiana, neno la mwisho ni la nani?

Likitajwa jina moja kwa yote, umepata msimamizi. Yakitajwa matatu, bado kazi yaweza kuwa nzuri, mradi swali la nne liwe na jibu. Nionavyo mimi, kati ya maswali yote ya sura hii, hilo la nne ndilo linalofaa kuulizwa hata kama umebakiwa na dakika moja tu. Mtu anaweza kuvumilia kazi nyingi, lakini ni vigumu kuvumilia kukaripiwa na mmoja kwa kutii agizo la mwingine.

Swali hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ile ile ya 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa zisizozidi 45 kwa wiki, na inataka saa za ziada zilipwe. Lakini sehemu hiyo ya saa za kazi haimhusu mtumishi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa mtu wa uongozi wa juu. Masharti hayo mawili yako pamoja: kusimamia watu, na kuripoti juu kabisa. Sasa tazama kinachoweza kutokea. Unaitwa "meneja msaidizi wa safari", cheo kinapendeza, unasimamia wawili, na unaripoti kwa mkurugenzi mwenyewe. Agosti unafanya kazi saa 70 kwa wiki, na ukidai malipo ya ziada unaambiwa wewe ni uongozi. Ukubwa wa timu na jina la mkuu wako vimegusa mfuko wako. Kama cheo ni cha meneja lakini huna unayemsimamia, kinga hiyo ya saa bado ni yako, na ni vizuri kujua hivyo kabla ya kukubali mshahara wa jumla.

## Mfano: binti wa Kibosho

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa Kibosho mwenye stashahada ya utalii anapigiwa simu na wakala wa ajira: kampuni ya mlima inataka mtu wa bukingi, yaani wa kupokea maombi ya safari na kuyapanga. Ni mwishoni mwa Mei.

Anaanza kwa simu. "Asante sana dada. Samahani, kabla sijaja, naomba kufahamu: nafasi ni mpya au kuna aliyekuwepo?" Wakala anasema hajui, ameletewa tu cheo na mshahara. Hilo si kosa. Mawakala wengi hupewa karatasi moja. Binti anasema, "Naomba uniulizie, na pia timu ya ofisini ni ya watu wangapi." Kesho yake wakala anapiga: kuna aliyekuwepo, aliondoka Machi, ofisini wako wanne.

Aliondoka Machi, msimu wa kwanza ulipokwisha. Inaelekea alivumilia hadi kazi ilipopungua. Binti halifanyi hilo hukumu. Analibeba kama swali. Kwenye usaili, anapoambiwa "una swali lolote?", anamgeukia meneja, mama wa makamo. "Mama, nimeelezwa aliyekuwepo aliondoka Machi. Naomba kujua alikaa muda gani?" Mwaka mmoja na nusu. "Na kabla yake?" Meneja anafikiri. Miezi minane. Binti anauliza kama kuna jambo lililowashinda ambalo yeye angejiandaa nalo. Meneja, ambaye sasa ameona kwamba hasutwi, anasema: "Usiku. Simu za usiku ziliwachosha."

Jibu hilo asingelipata kwa kuuliza "kwa nini aliacha". Sasa ana njia ya kuingia kwenye swali la tatu, na anauliza kwa tukio badala ya cheo: "Saa nane usiku mwongozaji akipiga simu kutoka Barafu kwamba mgeni amezidiwa na mwinuko na anashushwa Mweka, simu inaingia kwa nani? Na nani anaidhinisha gari liende getini?"

Meneja anaeleza. Simu inaingia kwa mtu wa bukingi. Gari linaidhinishwa na mkurugenzi, ambaye mara nyingi yuko safarini. Akikosekana, mtu wa bukingi anampigia meneja, na meneja hana mamlaka ya fedha. Wale wanne wa ofisini ni meneja, mhasibu, dada wa mapokezi anayetoka saa 11 jioni, na mtu wa bukingi mwenyewe. Simu ya usiku ni ya mmoja tu, miezi yote ya msimu.

Tazama jinsi majibu yanavyofungamana. Watu wameondoka kwa sababu simu ni ya mtu mmoja, na simu ni ngumu kwa sababu anayeipokea hana ruhusa ya kutuma gari. Jibu la swali moja limefungua mengine mawili. Angeuliza moja tu angeondoka na "wanne ofisini", akaridhika.

## Pale ambapo hutajibiwa

Njia hii ina mipaka. Kwenye utumishi wa umma, nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na idadi ya watumishi wa kila ofisi hupangwa kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi zilizoidhinishwa. Jopo la usaili mara nyingi halikijui kituo utakachopangiwa, hivyo kuwauliza msimamizi wako ni nani ni kuwaonea. Uliza ukishapangiwa, siku ya kuripoti.

Kwenye miradi ya utafiti na afya, ambayo Moshi haikosi kwa sababu ya hospitali ya KCMC na vyuo vilivyoizunguka, swali la "kwa nini iko wazi" hubadilika kuwa swali la fedha: fedha za nafasi hii zinatoka wapi, na zinaisha lini? Nafasi iliyofunguliwa na mradi mpya ni tofauti na nafasi ya kumalizia miezi saba iliyobaki, hata kama cheo ni kile kile. Huko pia ni kawaida kuwa na wakuu wawili kwa uwazi, mmoja wa kiutawala anayeshika likizo na mshahara, mwingine wa kitaalamu anayeshika kazi yenyewe. Mpango huo hauna shida ukiwa umeandikwa.

Na kuna mwajiri atakayekasirika. Ukiuliza kwa heshima kama nafasi ni mpya, ukajibiwa "wewe unataka kazi au hutaki?", hapo huna la kulazimisha. Lakini Moshi ni mji mdogo. Mpishi aliyepanda na kampuni hiyo, dereva anayepeleka wageni geti la Machame, mwenye duka linalowakodisha mahema, hao wanajua ni nani alikuwa anapokea simu mwaka jana. Wasikilize zaidi ya mmoja, maana aliyeachishwa kazi huwa na maneno yake, na aliyebaki huwa na hofu yake.

## Kuyaweka kwenye maandishi

Binti wa Kibosho hakukataa kazi. Alimwambia meneja kwamba anaitaka, na akaomba mambo mawili yaingie kwenye maelezo ya kazi, ambayo sheria inataka yaandikwe kwa hali yoyote. La kwanza, simu ya usiku izunguke kati yake na meneja kwa wiki. La pili, kiwepo kiasi cha fedha ambacho anayeshika simu anaweza kukiidhinisha kwa gari la dharura bila kusubiri mkurugenzi.

Mkurugenzi alilikubali la pili siku hiyo hiyo, kwa sababu gari linalochelewa Mweka linamgharimu yeye. La kwanza alilikataa: meneja ana watoto wadogo. Wakafikia kwamba atakayepokea simu msimu mzima alipwe saa zake za ziada, kwa kuwa hasimamii mtu na hawezi kuhesabiwa uongozi. Ikaandikwa mistari miwili chini ya kipengele cha saa za kazi, wakatia sahihi wote wawili, na nakala moja akapewa yeye.